Daftari la dhana: jinsi ya kuliweka, na jinsi ya kujua dhana imeshageuka kihatarishi

Kila mpango wa mradi una mambo mawili ndani yake: yale tunayoyajua, na yale tuliyoyachukulia kuwa ni kweli ili kazi iendelee. Haya ya pili ndiyo dhana. Hakuna mradi usio nazo, wala si kosa kuwa nazo. Taabu inaanza pale dhana inapokaa kimya ndani ya bajeti ikiwa imevaa sura ya uhakika, mpaka siku hela imeshatoka.

Nitatumia mradi mmoja wa mfano kuanzia mwanzo hadi mwisho: kisima kirefu chenye pampu ya sola katika kijiji cha watu 2,400 kwenye miteremko ya Mlima Meru, Arusha. Nimechagua maji kwa makusudi. Chini ya ardhi hakuna anayeona, kwa hiyo mipango ya visima hujaa dhana kuliko mipango mingine mingi, na gharama yake ni ya aina ile ambayo ikishalipwa hairudi.

Hatua ya kwanza: zitafute dhana kwenye bajeti, si kichwani

Ukiwakalisha watu na kuwauliza "dhana zetu ni zipi?", utapata orodha ya mambo makubwa makubwa: hali ya usalama iwe nzuri, wananchi watoe ushirikiano, serikali iunge mkono. Orodha hiyo haitakusaidia chochote. Fungua bajeti na ratiba, weka kidole kwenye kila tarakimu, na uulize: ni nini lazima kiwe kweli ili namba hii isimame?

Kwenye mradi wetu, bajeti inasema pampu ya kuvuta lita 10,000 kwa saa. Imetoka wapi? Sera ya Maji ya 2002 ilikadiria lita 25 kwa mtu kwa siku vijijini. Watu 2,400 mara 25 ni lita 60,000. Pampu ya sola isiyo na jenereta tumeihesabia saa 6 za jua la kutosha kwa siku, basi 60,000 kugawanya kwa 6 ni 10,000. Hesabu ni safi. Lakini angalia ilichobeba: kwamba kisima kitatoa lita 10,000 kwa saa, kwamba jua litatosha saa 6 hata miezi ya mawingu, kwamba watu ni 2,400 kweli na si wa sensa iliyopita, na kwamba hakuna atakayenywesha ng'ombe kwenye kituo hicho. Namba moja, dhana nne. Na ya tano imejificha zaidi, kwamba maji yenyewe yatafaa kunywa.

Chanzo kingine kizuri ni maneno ya watu. Ukisikia "hilo halina shida", "kawaida huwa hivyo" au "tayari wameshakubali", shika kalamu. Mazungumzo kama haya kati ya mratibu na mwenyekiti wa kijiji nadhani kila aliyefanya kazi vijijini ameyasikia:

"Shikamoo mzee. Eneo la kuchimba vipi?"

"Marahaba. Eneo lipo, hilo halina shida kabisa."

"Ni la kijiji au la mtu?"

"Lilikuwa la marehemu jirani yangu pale. Watoto wake wamekubali."

"Wote, mzee?"

"Wote. Isipokuwa yule wa Moshi, huyo hajafika bado. Lakini hatakataa."

Hapo dhana imejitokeza yenyewe: mrithi ambaye hajaulizwa atakubali. Mwenyekiti hajadanganya, ila kwake yeye jambo limekwisha, na kwako halijaanza.

Hatua ya pili: iandike kwa namna inayoweza kukanushwa

"Maji yatapatikana" si dhana inayofaa kuandikwa, kwa sababu hata kisima kinachotoa ndoo mbili kwa saa kitakuwa kimeitimiza. Andika hivi: "Kisima kitatoa lita 10,000 kwa saa kwa saa 24 mfululizo wakati wa majaribio ya uvutaji." Sasa kuna siku ambayo mtu atasoma kipimo na kusema ndiyo au hapana.

Hali kadhalika, kwa kuwa maji ya Meru huwa na floraidi, madini ambayo yakizidi huharibu meno, "maji yatakuwa salama" igeuze iwe: "Floraidi kwenye maji ya kisima haitazidi miligramu 1.5 kwa lita." Na "wananchi wametoa eneo" iwe: "Warithi wote watasaini makubaliano ya kutoa eneo, na mkutano mkuu wa kijiji utayaingiza kwenye muhtasari wake, kabla mtambo wa kuchimba haujafika." Sentensi ikikosa kiasi, mahali au siku, bado ni matumaini.

Hatua ya tatu: chora daftari, lisiwe pana kupita kiasi

Karatasi ya Excel au Google Sheets inatosha, na daftari la kawaida la mistari nalo linatosha. Mimi huweka safu nane, na nimeshaona madaftari ya safu kumi na saba ambayo hakuna aliyeyajaza baada ya wiki ya pili.

- A: Namba
- B: Dhana
- C: Chanzo chake (nani alisema, au hati gani, ya mwaka gani)
- D: Daraja la ushahidi
- E: Mhusika
- F: Tarehe ya kuhakiki
- G: Tarehe ya kujifunga
- H: Dalili

Safu ya E iwe na jina la mtu mmoja. Ukiandika "timu" umeandika hewa.

Daraja la ushahidi halipimwi kwa hisia. Watu wakiulizwa wana uhakika kiasi gani, husema "mkubwa" kwa jambo wanalolitaka litokee. Kwa hiyo tumia madaraja matatu yanayotegemea ushahidi ulivyopatikana. Daraja la 1 ni kitu tulichokipima au kukishuhudia sisi, mahali hapohapo, kwa mradi huu. Daraja la 2 ni kitu kilichoandikwa, lakini ni cha mahali pengine au wakati mwingine: ripoti ya kisima cha jirani, takwimu za zamani, bei ya mwaka jana. Daraja la 3 ni maneno ya mdomo.

Daraja la 2 ndilo la kuangalia kwa jicho kali, kwa sababu karatasi yenye mhuri hutuliza watu. Tuseme mradi wetu una ripoti ya 2012 ya kisima kilicho kilomita mbili kutoka hapo, na imeandikwa: floraidi miligramu 2.8 kwa lita, iko ndani ya kiwango. Ripoti hiyo haikukosea. Wakati ule Tanzania ilikuwa inavumilia hadi miligramu 4. Baadaye kiwango cha taifa kilishushwa hadi 1.5, sawa na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Maji ni yaleyale, maabara haikufanya kosa, lakini neno "inafaa" limeshakufa. Anayenakili hitimisho la ripoti bila kunakili namba ameingiza mradini dhana iliyooza akiamini ni ushahidi. Ndiyo maana safu ya C inataka mwaka.

Zaidi ya hapo, floraidi ya eneo la Meru inatokana na miamba na majivu ya volkano, na hubadilika sana kwa umbali mdogo na kwa kina. Kisima cha jirani hakisemi mengi kuhusu chako.

Hatua ya nne: tafuta tarehe ya kujifunga

Hii ndiyo safu ambayo madaftari mengi hayana, na kwa maoni yangu ndiyo inayobeba kazi yote. Tarehe ya kujifunga ni siku ambayo, baada yake, kuigundua dhana kuwa si kweli kutakugharimu hela isiyorudi. Mara nyingi ni siku ya kusaini mkataba, kulipa malipo ya awali au kuagiza vifaa. Haiandikwi kwenye ratiba kwa jina hilo, na utaipata kwa kuuliza kwa kila dhana: ni malipo gani ya kwanza yanayoitegemea?

Turudi kwenye mradi. Ratiba iko hivi: mkataba wa kuchimba unasainiwa 15 Januari, uchimbaji unafanyika Februari ili kuwahi kabla masika ya Machi hayajaharibu barabara ya mtambo, na majibu ya maabara yanategemewa 28 Februari. Pampu, paneli na tenki vinaagizwa 20 Januari, kwa kuwa muuzaji amesema vitachukua wiki sita kufika, na mratibu anataka kila kitu kikutane mahali pamoja kwa wakati mmoja.

Kwa macho ya ratiba, huo ni mpango wa mtu mwerevu. Sasa jaza daftari. Dhana ya floraidi: tarehe ya kuhakiki 28 Februari, tarehe ya kujifunga 20 Januari. Tutalipia pampu zaidi ya mwezi mmoja kabla ya kujua kama maji yake yanafaa kunywa. Dhana ya lita 10,000 nayo ni hivyohivyo, tena hiyo inaamua hata ukubwa wa pampu yenyewe.

Unaweza kuiachia Excel ikuonyeshe, kwa kuweka fomula hii kwenye safu ya I, mstari wa 2, kisha kuivuta chini:

```
=IF(D2=1,"",IF(OR(F2="",F2>=G2),"HAMISHA",IF(G2-TODAY()<=14,"HAKIKI SASA","")))
```

Inasema hivi: kama ushahidi ni wa daraja la 1, nyamaza. Kama hakuna tarehe ya kuhakiki, au kuhakiki kunaangukia siku ya kujifunga au baada yake, dhana hii ni ya kuhamishiwa kwenye rejista ya vihatarishi, yaani orodha ya mambo yanayoweza kuukwamisha mradi. Kama zimebaki siku 14 au pungufu na bado haijahakikiwa, piga kelele. Kompyuta nyingine hutaka nukta-mkato badala ya mkato ndani ya fomula. Ikikataa, jaribu hivyo.

Hatua ya tano: andika dalili kabla haijaonekana

Dalili ni kitu kidogo kinachoonekana mapema na kukuambia dhana imeanza kulegea. Iandikwe siku ileile dhana inapoandikwa, wakati bado hakuna anayeona haya kuikubali. Ukisubiri mpaka mambo yaanze kwenda kombo, kila mtu atakuwa na sababu ya kuieleza kwa upole.

Kwa eneo la kuchimba, dalili ni mrithi kutofika kwenye kikao cha pili alichoitwa. Kwa bei ya pampu inayonunuliwa kwa dola, dalili ni shilingi kushuka kwa asilimia 5 kutoka kiwango kilichotumika kwenye bajeti. Hii ya mwisho watu huidharau kwa sababu sarafu inaweza kutulia muda mrefu. Shilingi ya Tanzania ilikaa karibu na 2,300 kwa dola kwa miaka kadhaa hadi watu wakaiandika kwenye bajeti bila hata kufikiri, kisha kufikia katikati ya 2024 ilikuwa imepita 2,600. Aliyekuwa na mstari huo kwenye daftari alistuka mapema kidogo. Hakuzuia chochote, lakini aliomba bei mpya kabla ya wengine.

Kwa floraidi, dalili unaitengeneza mwenyewe. Desemba, kabla ya kusaini chochote, chukua sampuli kwenye vyanzo vilivyopo karibu na upeleke maabara. Hazitathibitisha kisima chako, kwa kuwa bado ni ushahidi wa daraja la 2. Lakini weka sharti mapema: chanzo kimoja kikizidi 1.5, dhana inahama. Tuseme majibu yamekuja: chemchemi ya juu 0.4, kisima cha shule 2.8, kisima cha kanisa 4.1. Hapa hakuna tena cha kujadili.

Usitegemee macho wala ulimi. Floraidi haina rangi, harufu wala ladha ya kukustua, na kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inazidi kukolea. Dalili inayoonekana ni meno ya kahawia ya watoto waliokulia hapo, na hiyo ni ya kuuliza mapema unapotembea kijijini.

Hatua ya sita: kuihamisha

Dhana haigeuki kihatarishi kwa sababu mtu amepata wasiwasi. Inageuka linapotokea moja kati ya mambo mawili: dalili yake imeonekana, au tarehe ya kujifunga inafika kabla haijahakikiwa. Ya kwanza huwastua watu. Ya pili hupita kimya, na kwa nilivyoona ndiyo inayokula hela zaidi, maana hakuna kilichotokea. Siku tu zimekwenda.

Kuhamisha maana yake ni kuiandika upya. Kwenye daftari la dhana ilisema "floraidi haitazidi 1.5". Kwenye rejista ya vihatarishi inasomeka hivi:

"Kwa kuwa vyanzo viwili kati ya vitatu vya karibu vina floraidi ya 2.8 na 4.1, kuna uwezekano mkubwa kisima kipya kizidi 1.5. Hilo likitokea baada ya 20 Januari, tutakuwa tumelipia pampu, paneli na tenki kwa maji yasiyofaa kunywa."

Ina sababu, ina tukio, ina hasara. Mhusika abaki mtu yuleyule kama ana mamlaka ya kubadilisha ratiba. Kama hana, mpe mwenye mamlaka. Huku kwenye daftari la dhana usiufute mstari. Andika "imehamishwa" na tarehe, ili atakayekuja baadaye ajue ilikuwapo.

Kisha jibu. Watu wengi hukimbilia kupunguza uwezekano, lakini hapa huwezi kuiambia miamba ifanye nini. Unachoweza kusogeza ni tarehe ya kujifunga. Tenganisha mikataba: mmoja wa kuchimba na kupima, mwingine wa pampu na miundombinu, na wa pili usisainiwe mpaka karatasi mbili ziwe mezani, majibu ya majaribio ya uvutaji na majibu ya maabara. Mtambo utaondoka, kisima kitafunikwa kwa kifuniko cha chuma, na wiki sita za kusubiri vifaa zitaanza Machi badala ya Januari. Mradi utachelewa. Mfadhili atauliza. Mwonyeshe mstari wa rejista; kuchelewa kwenye sababu iliyoandikwa Desemba hakufanani na kuchelewa kunakoelezwa Aprili.

Bado unabaki na hatari ya hela ya uchimbaji wenyewe. Hiyo huwezi kuiondoa yote, na ni vizuri rejista iseme hivyo waziwazi. Andaa njia ya pili. Mojawapo ni kuchanganya maji ya kisima na ya chemchemi. Tuseme kisima kimetoka na 2.8 na chemchemi ina 0.4. Katika kila ndoo kumi, nne za kisima na sita za chemchemi zinakupa wastani wa 1.36, chini ya kiwango. Ndoo tano kwa tano zinakupa 1.6, tayari umevuka. Njia nyingine ni kuchuja maji ya kunywa na kupikia tu kwa mkaa wa mifupa, kazi ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hukohuko Arumeru, kimeifanya kwa miaka mingi.

Ona kilichotokea hapo. Jibu la kuchanganya limezaa dhana mpya: kwamba chemchemi itatoa sehemu sita katika kumi ya maji yote hata Septemba na Oktoba, kiangazi kikiwa kimekolea. Nani aliipima Oktoba? Kama hakuna, ni daraja la 3, na inarudi kwenye daftari ikiwa na mstari wake, mhusika wake na tarehe yake. Jibu lolote la kihatarishi lipitishwe kwenye swali la hatua ya kwanza kabla halijaidhinishwa.

Hatua ya saba: lisome mara ngapi?

Dakika kumi na tano kwa wiki zinatosha, tena kwa kusoma tu mistari ambayo tarehe yake ya kujifunga iko ndani ya mwezi mmoja. Lakini kuna wakati mmoja usiorukwa: kabla ya saini ya malipo yoyote makubwa. Mhasibu aombe daftari pamoja na ankara. Ukimfanya mhasibu kuwa mlinzi wa mlango, daftari litasomwa hata na wasiolipenda.

Mstari unafungwa kwa ushahidi tu. "Imethibitishwa" bila namba ya hati, kipimo au muhtasari uliosainiwa haifungi kitu. Nimeona mistari ikifungwa kwa sababu tu mkutano ulikuwa unachelewa. Na mstari usiobadilisha uamuzi wowote hata ukiwa si kweli, ufute. Kwa mradi wa ukubwa huu, mistari kumi na mitano hai ni mingi tayari. Ikizidi, hakuna atakayejua ipi ni ya kukosesha usingizi.

Makabidhiano

Tuseme majaribio ya uvutaji yalitoa lita 6,000 kwa saa badala ya 10,000. Kwa saa 6 za jua hizo ni lita 36,000 kwa siku, zinazotosha watu 1,440 kwa lita 25 kila mmoja. Kwa vile mkataba wa pampu ulikuwa haujasainiwa, iliagizwa pampu ndogo, na jenereta ya kuongezea saa za kuvuta ikaingizwa kwenye mpango. Lakini jenereta hunywa mafuta, na mafuta yanalipwa na wanunuzi wa maji.

Kwa hiyo siku chombo cha watumia maji cha kijiji kinapokabidhiwa funguo, kikabidhiwe pia mistari iliyobaki wazi. Hapa ni mmoja mkubwa: "Kituo kitauza ndoo 1,800 kwa siku kwa shilingi 50", yaani shilingi 90,000. Ni daraja la 3, limetoka kwenye mkutano wa hadhara ambako kila mtu alinyoosha mkono. Mvua zikinyesha, watu hukinga maji ya bati na hawaji kisimani. Dalili iliyoandikwa ni mauzo kushuka chini ya ndoo 900 kwa siku kwa wiki mbili mfululizo. Mhusika ni mweka hazina, na tarehe ya kujifunga ni siku ya kusaini mkataba wa mwaka na fundi wa pampu.